Mzee kastaafu yupo nyumbani kutwa na jikoni hapakaliki: jinsi ya kufanya makabidhiano

Mume wangu alistaafu mwaka juzi, miaka 60 kamili ile ya lazima, alikuwa mtunza stoo serikalini hapa Tanga miaka 34. Miaka yote hiyo anatoka saa moja kasoro asubuhi anarudi saa kumi na moja jioni, chakula cha mchana anakula huko huko kazini. Mie nyumba nimeiendesha peke yangu, naamka, natoa watoto, nafanya biashara yangu ya barafu za ubuyu, mchana nakula kiporo na dada wa kazi tumekaa kwenye mkeka, alasiri wenzangu wanakuja. Wiki mbili za mwanzo alipostaafu zilikuwa tamu, wageni, kulala, mazungumzo. Wiki ya tatu akaanza kufunua masufuria. Mara mbona mafuta mengi, mara huyu dada anafagia saa nne kwanini asifagie saa moja, mara taa ya stoo inawaka ya nini, mara saa saba kasoro kakaa mezani anangoja chakula ambacho mie sikuwahi kupika mchana maisha yangu yote ya ndoa kasoro Jumamosi na Jumapili.

Tuligombana karibu miezi mitano. Nnachoandika hapa ni kile tulichokuja kufanya, kwa mpangilio, kwasababu naona kina mama wengi mtaani waume zao wanafika 60 (au wale wa hiari 55) na hamna aliyewaandaa. Binti yangu aliniambia Wajapani wana jina kabisa la mume wa namna hii, wanamwita jani kavu lililolowa maji, maana unafagia halitoki limeganda kwenye ufagio. Nikajua kumbe sio mtaani kwetu Ngamiani tu.

Ila kabla hujaanza, angalia kama ni ugomvi wa ratiba kweli. Mzee akiwa halali usiku, hali vizuri, haogi, hataki kuona mtu, anasema maneno ya kujikatia tamaa, na imepita wiki mbili hali ni hiyo hiyo, hapo mpeleke hospitali kwanza, apimwe na presha na sukari na amueleze daktari hayo ya usingizi. Na kama anakupiga au anakutishia, usikae na daftari, nenda ustawi wa jamii au dawati la jinsia pale polisi. Haya yangu ni kwa mzee mzima wa afya ambaye amekosa kazi ya kufanya na amehamia kwenye kazi yako.

Hatua ya kwanza: andika wiki moja bila kusema kitu

Chukua daftari la shule. Kila siku andika saa ngapi mmekwaruzana, alikuwa anafanya nini yeye, ulikuwa unafanya nini wewe, na kilichosemwa. Mstari mmoja unatosha. Usimwoneshe, usimwambie unaandika, na usijipendelee, kama wewe ndio ulianza kununa andika wewe.

Mie nilidhani tunagombana kutwa nzima. Daftari likaniambia hapana. Ugomvi wetu wote ulikuwa kwenye nyakati tatu tu. Saa nne asubuhi, maana ofisini kwao ndio saa ya chai na mwili wake bado unadai, na mie saa hiyo nachuja ubuyu mikono yote myekundu. Saa saba mchana, chakula. Na saa kumi jioni siku ya Alhamisi, wanawake wa kikoba wakija. Jumamosi na Jumapili hamna kitu, wiki nzima hakuna ugomvi siku hizo, kwasababu siku hizo tulishazoea kuwa wote miaka yote, ratiba yake na yangu zinajuana.

Hapo ndio nilipoelewa. Saa ambazo hana la kufanya zimeangukia juu ya saa ambazo mie nimebanwa zaidi. Ukiliona hilo hasira inapungua hata kabla hujaongea nae.

Hatua ya pili: ongea nae, ila chagua saa na chagua neno

Usiongee jikoni. Usiongee ameshika kifuniko cha sufuria mkononi. Usiongee mbele ya dada wa kazi wala mbele ya watoto, mwanaume aliyetoka kwenye cheo akisemwa mbele ya mtoto wa watu hatakusikia hata kama una haki. Sisi tuliongea usiku baada ya isha, barazani, dada kaenda kulala.

Na neno lililofungua mlango lilitoka kwenye kazi yake mwenyewe. Nilimuuliza, Baba Zuhura, weye ile stoo siku ya kwanza uliipokeaje? Akasema kwa makabidhiano, tulihesabu kitu kimoja kimoja na yule niliyempokea tukaandika tukasaini, huwezi kuingia stoo ya mtu hivi hivi. Nikamwambia basi, hapa nyumbani umeingia stoo yangu bila makabidhiano. Akanyamaza. Alafu akauliza, sasa unataka tufanyeje? Nikamwambia nataka tukabidhiane, kuna vitu nikupe uwe navyo wewe kabisa na kuna vitu vibaki kwangu.

Mume wako kama alikuwa dereva, mwalimu, nesi, tafuta neno la kwake. Mwalimu anajua ratiba ya vipindi, nesi anajua kupokeana zamu. Yani mtu umwambie jambo kwa lugha ambayo ameiheshimu miaka 30, sio "umezidi kuingilia", hilo neno mie nilishalitumia miezi mitano na halikunipa kitu.

Daftari usimsomee kama mashtaka. Mwambie tu zile saa, saa nne, saa saba, Alhamisi jioni. Makosa yake yaache humo ndani.

Hatua ya tatu: toa kazi nzima, usitoe visaidizi

Hapa ndio penye uzito, nendeni taratibu.

Wanawake wengi wanaanza na "nisaidie". Nisaidie kumenya vitunguu, nisaidie kuangalia hiyo maharage isiungue. Mwanaume anamenya vitunguu dakika kumi, amemaliza, kashakuwepo jikoni, sasa anatoa maoni. Msaidizi hana kazi yake, anangoja kuagizwa, na akikosa kuagizwa anakagua. Mpe kitu chenye mwanzo na mwisho ambacho kisipofanyika nyumba nzima itajua, na umpe na mamlaka yake.

Mie nilimkabidhi vitatu: umeme na gesi, manunuzi ya vitu vikavu vya mwezi (mchele, unga, sukari, mafuta, maharage, sabuni), na mjukuu, kumpeleka chekechea na kumrudisha. Kwangu vikabaki upishi, dada wa kazi, na biashara yangu ya barafu.

Kukabidhi kwenyewe tulifanya kama stoo kweli. Tumekaa Jumapili, kila kitu nikamwambia kipo kiasi gani, tunatumia kiasi gani kwa wiki, tunanunua wapi, nani tunadaiwa nae. Ilichukua kama masaa mawili. Akaandika leja yake mwenyewe, akafurahi, nilimuona.

Nikupe mfano wa umeme maana ndio uliotugombanisha vibaya zaidi. Mzee alikuwa anaona LUKU inaisha haraka, akaamua usiku awe anazima friji ili kubana matumizi. Asubuhi naamka barafu 60 zimekuwa maji. Alafu hataki kukubali kosa, anasema friji linakula umeme wote wa nyumba hii.

Baada ya kukabidhiwa nikamwambia mita ni yako, ipime. Saa tatu usiku tukazima kila kitu, taa, tv, feni, chaji za simu, likabaki friji peke yake, akaandika unit zilizobaki. Saa kumi na mbili asubuhi kabla mtu hajawasha taa akaandika tena. Masaa tisa lilikula unit 0.6. Akapiga hesabu kwa siku nzima, kama 1.6, na unit moja kwetu ni shilingi 350 na kitu, kwahiyo friji kwa siku ni kama shilingi 570. Barafu 60 kwa 200 ni 12,000. Ukitoa ubuyu, sukari na vingine bado inalipa friji mara nyingi. Alirudia usiku wa pili kwasababu hakuamini, ikaja karibu na ile ile. Toka siku hiyo friji halizimwi, na yeye ndie anamkatalia mjukuu kufungua fungua mlango wake.

Ukitaka kufanya hivyo zingatia, friji limefunguliwa sana mchana au limejazwa vitu vya moto litakula zaidi ya hapo, kwahiyo hesabu ya usiku ni ya chini kidogo. Lakini inatosha kumaliza ubishi.

Gesi nayo hivyo hivyo. Alikuwa anamshuku dada kwamba anaacha jiko linawaka, maana mtungi wa kilo 15 zamani ulikuwa unafika wiki sita, sasa unaisha wiki ya nne na nusu. Aliposhika leja akaandika tarehe ya kuwasha mtungi na kinachopikwa kila siku, akaona mwenyewe: zamani chai ya saa nne haikuwepo, chakula cha mchana hakikuwepo, maji yake ya moto ya kuoga mchana hayakuwepo. Gesi imeongezeka kwasababu mtu ameongezeka nyumbani. Hili wazee wengi hawalioni, wanaona mke ameanza ufujaji mwaka ule ule waliostaafu, kumbe zamani gesi ya chakula chao cha mchana ilikuwa inalipwa kwa mama ntilie wa karibu na ofisi.

Alafu sasa sehemu ngumu ni yako wewe mama. Ukishakabidhi usirudi kukagua. Mwezi wa kwanza alienda soko la Mgandini akaja na mchele wa bei rahisi, chenga tupu, ukipika unakuwa bokoboko. Nilitaka kusema, nikang'ata ulimi. Niliupika vile vile, tukaula wiki mbili na yeye akiula. Siku anaenda kununua tena akaniuliza mwenyewe, ule mchele mzuri unaujuaje? Nikamwonesha punje ndefu zisizokatika, nikamwambia atafune moja. Ningesema siku ya kwanza angejibu kwamba bei ni nafuu na ubishi ungekuwa mwingine. Kama kuna kitu unajua ukimpa utakifanya tena mwenyewe nyuma yake, basi usimpe, baki nacho.

Hatua ya nne: chai na chakula cha mchana

Usiruke hapa ukidhani ni kidogo. Kwenye daftari langu nusu ya mistari ilikuwa chakula.

Chai tulimaliza hivi: saa moja asubuhi nikichemsha ya wote najaza chupa ya pili nzima, naweka mezani na kikombe chake, sukari, na andazi au kiazi kitamu kilichochemshwa ndani ya hotpoti. Saa nne anajimiminia. Haniiti, haiti mtu. Siku za mwanzo aliita, mie najibu nipo kwenye ubuyu, chupa ipo mezani. Ilichukua kama siku nane akaacha kuita.

Mchana tulikubaliana siku tatu kunapikwa kwa moto, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, tena chakula cha sufuria moja, wali maharage au ugali na dagaa, saa saba na nusu maana mie siwezi saa saba kamili. Siku nyingine mbili ni kiporo cha jana, na jana yake usiku napika kingi kwa makusudi. Jumanne wali wa jana anaupasha mwenyewe. Nilimfundisha: nyunyiza maji kidogo, funika, moto mdogo. Na tahadhari moja, wali usilale nje kwenye sufuria usiku kucha kwa joto letu hili la pwani, ukipoa uingie friji, kesho upashwe hadi uwe wa moto kweli, kiporo cha wali kilicholala nje kinaharisha na wazee kinawaumiza zaidi.

Kama mzee ana sukari au vidonge vya kula na chakula, hapo saa ya chakula msiichezee, fuateni saa ya daktari alafu wewe upange kazi zako kuizunguka.

Hatua ya tano: dada wa kazi awe na bosi mmoja

Hapa tulikaribia kuharibikiwa. Siku moja nimemwambia dada afue, nikatoka kwenda kununua ubuyu. Mzee akamtuma dukani vocha, alivyorudi akamwambia anyooshe kanzu, alafu apike chai. Narudi saa nane nguo bado zimelowekwa, nikamfokea mtoto wa watu. Akalia, akasema mama mie nirudi tu kwetu Korogwe hapa sijui namsikiliza nani. Na alikuwa na haki kabisa.

Tukaweka sheria. Mzee akitaka kitu kwa dada ananiambia mimi kabla ya saa tatu asubuhi nikiwa napanga siku, naingiza kwenye kazi zake. Ikiwa kimezuka ghafla anajifanyia, au anangoja. Kumkosoa dada ni kazi yangu, akiona kosa aniambie mie tukiwa wawili. Na mie upande wangu nilijifunga kwamba simgombezi dada kabla ya kumuuliza nani alimtuma nini. Tulimwita tukamwambia wote wawili tumekaa, hiyo ni muhimu, akisikia kwangu peke yangu siku mzee akimtuma ataogopa kukataa.

Utajuaje inafanya kazi? Dada akianza tena kuulizia "mama kasema vipi" kila akitumwa, au akianza kujificha uani, kuna mtu kavunja sheria. Kwetu alivunja mzee mara mbili na mie mara moja.

Hatua ya sita: kila mtu apate saa za nyumba bila mwenzie

Alhamisi saa kumi wenzangu wa kikoba wanakuja, wapo kumi na mbili, wanahesabu hela zao na wanaongea mambo yao. Mzee alikuwa anakaa pale pale sebuleni, anasalimia kila anayeingia, anawauliza habari za waume zao. Hana ubaya. Lakini wanawake hawaongei, wanahesabu haraka wanaondoka, na mmoja akaniambia bora tuhamie kwa mwenzetu.

Kumwambia mwanaume toka kwenye nyumba aliyoijenga ni kitu kibaya, hata mie nisingeweza. Tulipanga kinyume chake, kwamba yeye ana sehemu ya kwenda. Alhamisi baada ya alasiri anakaa kijiwe cha kahawa, anacheza bao hadi magharibi. Mwanzo alikuwa anarudi mapema, nusu saa tu, anasema pale kuna vijana watupu. Tulijaribu kijiwe kingine, wazee wenzie wawili waliostaafu nao wapo, akakaa. Kwahiyo usikate tamaa na kijiwe cha kwanza. Na mie namwachia nyumba Jumanne asubuhi, nakwenda kwa dada yangu, anabaki na redio yake na kimya chake, kwasababu na yeye alikuwa hajawahi kuwa peke yake ndani ya nyumba yake.

Hela ya matumizi nayo tulibadilisha, zamani aliacha kila asubuhi mezani, sasa akawa anaiona inavyokatika shilingi kwa shilingi na kuuliza. Tukahamia kwa wiki, ananipa Jumapili ya mboga na samaki na vidogo vidogo, haulizwi mtu hadi Jumapili nyingine. Hela ya barafu ni yangu, hiyo ilisemwa wazi kwenye makabidhiano.

Hatua ya saba: jaribuni wiki mbili, mkae tena

Usiweke mkataba wa maisha. Sema tujaribu wiki mbili. Ikifika, kaeni pale pale barazani, kila mtu aseme kitu kimoja kilichomkera na kitu kimoja anachotaka kubadilisha, kimoja tu, ukianza kuorodhesha umerudi jikoni. Kikao chetu cha kwanza yeye alisema anakereka nikiwaambia watu kwenye simu "mzee yupo tu nyumbani siku hizi". Sikujua kama linamuuma. Nimeacha, sasa nasema yupo, kaenda kumchukua mjukuu.

Na endelea na lile daftari kimya kimya. Wiki ile ya kwanza nilikuwa na mistari 17. Baada ya mwezi wa makabidhiano ilikuwa minne. Kwa sasa kuna wiki inapita bila mstari, na kuna wiki inakuja mitatu, hasa mwisho wa mwezi pensheni ikiwa bado haijaingia, siku hizo nshajifunza sianzishi mazungumzo ya kubadilisha chochote.

Redio bado hatujakubaliana. Yeye anataka taarifa ya habari kwa sauti ya kusikika hadi uani, mie kichwa kinauma. Ipo kwenye ajenda ya Jumapili hii.